Uso wa Hasira Juu ya Kifuniko cha Sufuria

Mjukuu wangu alikuwa na miaka minne, na kila asubuhi nilipobeba kapu langu la ndagala, dagaa wa ziwa letu, alijitupa chini. Sisemi alilia. Kulia ni jambo la watoto wote, mtu unazoea. Huyu alijitupa chali kwenye udongo, akapiga kisogo chini, akarusha miguu, akauma mkono wa yeyote aliyemkaribia, na kelele zake zilifika mpaka kwa majirani wa upande wa mlima. Jirani mmoja alikuwa akichungulia juu ya ua na kuniuliza, "Mama, unachinja mtoto?" Na mimi namjibu, "Bado. Nikianza nitakuita unishikie miguu." Tulicheka hivyo kwa sababu tulikuwa tumechoka wote wawili.

Ilikuwa miaka ya waasi, wale wa pili. Wa kwanza niliwaona nikiwa msichana, muda mfupi baada ya uhuru, na nilidhani Mungu ameshanionyesha vya kutosha. Kumbe. Nilikuwa mwalimu wa primeri hapa Uvira mpaka mshahara ulipokatika, basi nikateremka ziwani kama wanawake wengine, nikawa nanunua ndagala kwa wavuvi asubuhi na kuziuza sokoni. Nisipokwenda hatuli. Sina namna nyingine ya kulisema.

Mtoto huyu alikuwa wa binti yangu aliyeolewa Luberizi, kule bondeni kwenye mashamba ya mpunga. Binti yangu alipanda gari la soko siku moja, akaelekea Sange, na gari likapigwa risasi barabarani. Waliomzika ni watu wa mume wake, hukohuko, haraka haraka. Mimi barabara ilikuwa imefungwa, sikufika. Mume mwenyewe alikuwa ameshaondoka na wenye bunduki, na hatukujua hata ni wa upande gani. Barabara ilipofunguka kidogo, shangazi yake mtoto akaniletea huyu mtoto pamoja na furushi la nguo. "Mama, kaa naye kwanza," aliniambia. "Kule kwetu tumeshindwa. Iko mukali sana." Kisha akarudi.

Kwa desturi mtoto ni wa ukoo wa baba. Nilijua kwamba nimeazimwa tu. Na haikupita muda mrefu shangazi akanitumia habari na dereva wa gari: mavuno yakiisha atakuja kutazama. Kama mtoto amepoa, atakaa kwangu. Kama bado ni yuleyule, atamrudisha Luberizi kwa kaka zake, baba wadogo wa mtoto, ambao wanajua kazi ya fimbo. Yaani arudi kwenye barabara ileile iliyomla mama yake. Na mimi nibaki na furushi la nguo.

Ndiyo maana nilikwenda kumwona yule mwalimu.

Alikuwa msichana tu, mkimbizi kutoka Bukavu, aliyepewa chumba pale parokiani awakusanye watoto wadogo asubuhi, wale tunaowaita wa gardieni. Niliposikia kwamba anafundisha watoto "kucheza michezo ya moyo" nilifyonza meno. Miaka yote niliyosimama mbele ya kalasi, moyo wa mtoto ulikuwa unatulizwa na rula. Lakini rula nilikuwa nimeshaijaribu. Mtoto alinitazama, akanyamaza kidogo, akapumua, akaanza upya kwa sauti kubwa zaidi. Nikajua hapa rula imekutana na mwenzake.

Yule mwalimu hakuniuliza kama mtoto amerogwa, swali ambalo nilikuwa nimeulizwa na nusu ya mtaa. Aliniuliza, "Mama, inaanza wakati gani? Kabla ya kuanguka, kumetokea nini?"

"Inaanza asubuhi."

"Asubuhi akiamka?"

"Hapana. Nikibeba kapu."

"Ameshakula?"

"Anakula uji, anacheza, anacheka na kuku. Nikibeba kapu tu, tayari."

Akaniambia niangalie vizuri, na kwa muda huu nimlete kila siku nikienda soko, na jioni nifanye nyumbani kama wanavyofanya pale. Basi nikawa mwanafunzi, mimi na magoti yangu haya, nikikaa kwenye mkeka katikati ya watoto wenye kamasi.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa nyuso. Mwalimu hakuwa na karatasi, alikuwa na vifuniko vya sufuria vilivyobonyea, na juu ya kila kimoja alichora uso kwa makala, mkaa wa jikoni: mmoja unacheka, mmoja una machozi, mmoja nyusi zimekunjwa na meno yametoka nje, mmoja macho yamekodoka kwa woga. Kila asubuhi mtoto anachagua kifuniko chake na kusema, leo niko hivi. Hakuna kucheka mtu, hakuna kusema hapana weye hauko hivyo. Halafu wanatengeneza uso uleule na wao, wanatazamana, wanacheka. Na mwalimu naye anachagua. Siku moja akanigeukia: "Na mama, iko na uso gani?" Nikamwambia, "Niko na uso wa mtu aliyechoka, na huo haujauchora." Watoto wakacheka sana, na yeye akaenda kuchora wa tano.

Nilichora na mimi vyangu nyumbani. Na kosa la kwanza nililifanya mara moja. Mtoto alipojitupa chini asubuhi, mimi nikakimbia na vifuniko vyangu. "Onyesha! Uko uso gani? Onyesha tate!" Kwetu bibi na babu wote tunawaita tate. Alionyesha kweli. Alichukua kifuniko cha hasira akanirushia, kikanipata hapa kwenye paji la uso.

Mwalimu alipoona uvimbe alijikaza asicheke, akashindwa. "Mama, mtu anayezama haumfundishi kuogelea. Unamtoa majini kwanza. Vifuniko ni vya wakati ametulia. Akiwa ameanguka, maneno hayaingii."

"Sasa nifanye nini, nimtazame?"

"Ndiyo. Ondoa mawe na mbabula ya moto asijiumize. Kaa karibu, chini, usiongee sana. Mwambie tu, niko hapa. Akitaka kupiga, shika mkono wake taratibu, mwambie siwezi kukuacha unipige. Usimpe mukate ili anyamaze."

Hilo la mukate lilinigusa, kwa sababu nilikuwa nampa kila siku. Na lingine alinikataza ambalo lilinichukua muda mrefu zaidi kuliacha: kumtishia askari. Mji mzima tulikuwa tunanyamazisha watoto hivyo. "Nyamaza, askari anakuja!" Na askari kweli walikuwa wanapita. Mwalimu alisema mtoto mwenye woga hatulii, anaganda tu, na kilichoganda kitayeyuka baadaye. Nikamwambia sawa. Siku ileile nikajikuta nimeshasema "askari" kabla ulimi haujakumbuka. Ulimi wa mtu mzima ni mzito kufundisha kuliko mtoto.

Tulikuwa na michezo mingine. Kulikuwa na wa kusukuma nyumba: mtoto anaweka viganja ukutani na kusukuma kwa nguvu zake zote, kana kwamba anataka kuihamisha nyumba iende Burundi, kisha analegea. Ngumi zilizokuwa zinatafuta mtu zinapata ukuta. Kulikuwa na wa kukanda udongo wa mtoni, na hapo mjukuu wangu alikuwa fundi. Alikanda, akatwanga, akanyonga, mwisho akatengeneza samaki. Na kulikuwa na wa povu, ambao ndio nilioupenda mimi. Bua la jani la papai, lina tundu katikati. Unalichovya kwenye kikombe cha maji ya sabuni na kupuliza. Ukipuliza kwa haraka povu linapasuka. Ukipuliza polepole, pumzi ndefu kutoka tumboni, linatoka puto kubwa linalong'aa. Mara ya kwanza mtoto alivuta badala ya kupuliza, akameza sabuni, akatapika, akanilaumu mimi. Mwalimu akatoboa kitundu kidogo ubavuni mwa bua, ili mtu akivuta apate hewa tu. Jioni tulikaa mlangoni tukipuliza wote wawili. Nakwambia, mimi mwenyewe kifua changu kilikuwa kinafunguka. Ilikuwa pumziko langu la pekee.

Na mtoto alibadilika. Siwezi kusema uongo. Akinyang'anywa kitu na watoto wenzake, alianza kupiga mguu chini na kusema, "Niko na hasira!" badala ya kuuma. Akiwa ameanza kuchemka, nilimwuliza, "Unataka kusukuma nyumba ao kupuliza povu?" Viwili tu, achague mwenyewe, na mara nyingi alichagua. Ilikuwa kabla hajaanguka. Akishaanguka hakuna swali.

Lakini kapu! Kapu lilibaki vilevile. Mwalimu alinipa kila alichokuwa nacho. Nimwambie mapema kwamba nitaondoka. Nimuage kwa namna moja kila siku, kiganja kwa kiganja. Nimwonyeshe jua litakuwa wapi nikirudi. Mtoto alisikiliza yote, na nilipoinama kulichukua kapu alianguka kama mtu aliyekatwa miguu. "Kuna kitu ambacho hatukijui," mwalimu aliniambia, na yeye alikuwa amechoka. Na mavuno yalikuwa yanaisha bondeni. Kila gari lililotoka Luberizi nilitazama nani anashuka.

Shangazi akaja na gunia la mchele mpya na kuku wawili, kama inavyotakiwa. Mwanamke mwema, nataka niliseme hilo. Mwili mkubwa, mikono ya kulima. Tulisalimiana vizuri, tukamlilia binti yangu kidogo kama desturi, tukiwa nyuma ya nyumba, mtoto asione. Siku ya kwanza mtoto alikuwa malaika. Alimwonyesha shangazi samaki wake wa udongo. Shangazi akanitazama kwa mshangao, na mimi nikaanza kutumaini, mjinga mimi.

Asubuhi yake nilitaka nisiende soko. Lakini ndagala zilikuwa zimeshanunuliwa, na ndagala hazingoji mgeni. Nikainama, nikabeba kapu.

Alianguka. Kisogo chini, miguu hewani, sauti ileile. Nikatua kapu, nikasogeza mbabula, nikakaa chini karibu naye. "Niko hapa," nikasema. Shangazi alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mama, ndivyo unavyofanya? Unakaa?"

"Nakaa."

"Humpigi?"

"Simpigi."

"Mama, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

"Nimeshalia, mwanangu," nikamwambia. "Mwenye kunitisha kwa kilio amechelewa."

Nilimsikia akiingia ndani, na nilijua anafanya nini. Alikuwa anakunja nguo za mtoto. Nilibaki pale chini kwenye udongo, mguu mmoja umekufa ganzi, nikiwaza: ndiyo basi. Nimecheza michezo yote, nimepuliza sabuni kama mtoto mchanga, nimepigwa na kifuniko, na anaondoka. Nilichoka mpaka hasira zenyewe zilikataa kuja.

Mtoto akaanza kupoa, kama wanavyopoa, kwa kwikwi. Akaja mwenyewe mapajani mwangu. Nikampa bua lake. Akapuliza, moja, nyingine, ndefu. Shangazi akatoka na furushi, akatuona, akasimama. Nikaleta vifuniko, nikavipanga, si kwa matumaini yoyote, kwa mazoea tu.

"Uko na uso gani, mwanangu?"

Akashika wa hasira. Akauinua, lakini hakunielekezea mimi. Alimwelekezea shangazi.

"Niko na hasira na weye."

Ee Mungu wangu. Kwetu mtoto hamwambii mkubwa maneno hayo. Mtu mzima ndiye anayekasirika, mtoto anakasirikiwa. Nilimwona shangazi akiinua mkono, na mkono ule ulikuwa umelima mpunga tangu utotoni. Nikasema, "Ngoja. Mwache amalize. Ukimaliza kusikia, piga, na unipige na mimi." Sijui nilipata wapi sauti. Mkono ukabaki hewani.

"Kwa nini una hasira na shangazi?" nikamwuliza mtoto.

"Alisema mama ameenda soko. Kuuza mchele." Alikuwa anaongea taratibu kama mtu anayebeba maji. "Alisema nikinyamaza, mama atarudi. Nilinyamaza. Nilinyamaza sana. Mama hakurudi."

Kisha akachukua kifuniko chenye machozi akakiweka juu ya kile cha hasira, akavishika vyote viwili.

Mkono wa shangazi ulishuka wenyewe. Mimi nilimtazama, yeye akatazama chini. Sikuwa nimejua. Nilidhani kule Luberizi walimwambia. Wao walidhani mtoto haambiwi kifo, kwa sababu hapa kwetu haambiwi, anafukuzwa kwenye msiba akacheze, na mtu wa kwanza anayeulizwa anajibu lolote linalokuja mdomoni. Amesafiri. Ameenda soko. Na kila asubuhi mimi nilibeba kapu mbele ya mtoto huyu na kumwambia kwa sauti ya furaha, haya, tate anakwenda soko!

"Tulisema tu anyamaze," shangazi alisema. "Alikuwa analia siku zote. Tulisema tu." Akakaa kwenye furushi lake na kujifunika uso kwa kitenge.

Mtu mmoja alipaswa kusema. Nilimtazama shangazi, hawezi. Mwalimu yuko parokiani. Basi ni mimi, siku zote ni mimi. Nilipuliza pumzi ndefu kama tunavyofundishwa, na nikasema bila kuzunguka, maana kuzunguka ndiko kulikotufikisha hapa.

"Mama yako hayuko soko. Mama yako amekufa. Watu wenye bunduki walipiga gari. Mwili wake uliacha kufanya kazi. Hapumui, haumwi, hasikii njaa. Hawezi kurudi."

Alifikiri. "Kama samaki?"

"Kama samaki."

"Samaki hawarudi mu ziwa?"

"Hawarudi, mwanangu."

Kisha akauliza, sauti ndogo: "Sikunyamaza vizuri?"

Nimezika watu wengi katika maisha yangu. Hakuna kilichonipiga kama swali lile. Nilimshika kwa mikono miwili. "Hapana. Hapana kabisa. Siyo kwa sababu ya kulia kwako. Hakuna ulichofanya. Hata ungelia mpaka Kigoma wasikie, siyo kosa lako." Na shangazi, Mungu ambariki, akatoa kitenge usoni, akapiga magoti palepale kwenye vumbi mbele ya mtoto wa miaka minne, akasema, "Miye ndiye nilikosea. Nilikuambia uongo. Nisamehe." Sijawahi kuona mkubwa wa kwetu akifanya hivyo, wala sijaona tena.

Mtoto hakusamehe siku ile. Aliondoka akaenda kusukuma nyumba. Tuliketi sisi wawili tukimtazama akisukuma, na tulilia bila kujificha nyuma ya nyumba.

Shangazi alikaa siku chache, kisha akapanda gari la kurudi. Furushi aliliacha ndani, limefunguliwa. "Nikifika niwaambie nini kaka zangu?" aliniuliza barazani. Nikamwambia, "Waambie mtoto alikuwa anauliza swali, na hakuna aliyemjibu." Akasema atawaambia, na kama wakitaka kuja kubishana, barabara wanaijua.

Sasa msidhani ilikwisha. Watoto hawaishi kama hadithi. Aliuliza tena kesho, na kesho kutwa, "Mama bado amekufa?" na mimi nikajibu tena, sawasawa, kwa maneno yaleyale, huku nikichambua mchele. Alianguka chini mara nyingine, kwa kiatu, kwa uji wa moto, kwa kuku. Wa miaka minne ni wa miaka minne.

Lakini nataka niwaeleze asubuhi baada ya shangazi kuondoka. Nilisimama mbele ya kapu langu nikiogopa kulishika. Mtoto alikuwa mlangoni.

"Unaenda soko," alisema.

"Naenda soko. Kuuza ndagala."

"Watu wenye bunduki wako?"

Ningeweza kusema hawako. Ulimi ulikuwa tayari. "Wako barabara ya mbali," nikasema. "Njia yangu ya soko ni fupi, napita na wamama wenzangu. Nataka kurudi, nitafanya kila kitu nirudi. Nikichelewa, mwalimu atakaa na weye mpaka nije. Hutabaki peke yako."

Akanitazama, ngumi zimekunjwa. Nilitua macho chini kuona kama kuna jiwe la kuondoa.

"Niko na hasira na weye," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya kawaida, ya mtoto yeyote. "Niko na hasira na niko na huzuni. Enda."

Nikabeba kapu, nikaenda.